Ukurasa Mtupu Una Wino Kiasi Gani?

Faili la masijala likipitishwa kwenye skana ya pande mbili, kila karatasi hutoa kurasa mbili, iwe upande wa nyuma umeandikwa au haukuandikwa. Chukua faili la karatasi 12: tatu zimechapwa pande zote, nane ziko tupu nyuma, na moja nyuma yake ina sahihi na tarehe tu. PDF inayotoka ina kurasa 24, na nane kati yake hazina kitu. Kuzifuta kwa mkono ni kazi ya dakika moja. Faili zikiwa mia mbili, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa tatu, na mtu aliyechoka hatimaye hufuta ukurasa wenye sahihi akidhani ni mtupu.

Kompyuta inaweza kuifanya kazi hii, lakini kwanza lazima tukubaliane utupu ni nini. Kwa skana hakuna ukurasa mtupu. Inachokiona ni pikseli, kila moja ikiwa na namba kuanzia 0 ya weusi kamili hadi 255 ya weupe kamili, na karatasi safi kabisa haifiki 255 kila mahali. Ina vumbi, mikunjo, alama ya stepla, na wino wa upande wa pili unaoonekana kwa mbali karatasi ikiwa nyembamba. Kwa hiyo swali la kuiuliza kompyuta ni hili: ni sehemu gani ya ukurasa iliyo na giza la kutosha kuitwa wino?

Hesabu hiyo ikifanywa kijinga hupotosha, na mfano mzuri ni matundu ya panchi. Tundu la kawaida lina upana wa milimita 6. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa na pikseli karibu milioni 8.7, na tundu moja huchukua karibu 4,000. Baadhi ya skana zina mandhari nyeusi nyuma ya karatasi, hivyo tundu huonekana kama duara jeusi. Matundu mawili ni pikseli 8,000 za giza, nyingi kuliko neno moja lililochapwa. Ukihesabu giza la ukurasa mzima, karatasi tupu yenye matundu itaonekana imeandikwa kuliko karatasi yenye neno moja la maana.

Dawa yake ni kukata pembezoni kabla ya kuhesabu. Kitovu cha tundu huwa milimita 12 kutoka ukingoni, kwa hiyo tundu lote huishia kama milimita 15. Tukikata milimita 16 na kitu kila ubavu, matundu yameondoka, na kwa kawaida stepla ya pembeni pia. Juu na chini tukate milimita 5 tu, kwa sababu huko ndiko hukaa namba za kurasa na vichwa vya barua.

Amri zifuatazo hutumia programu mbili za bure, Poppler na ImageMagick. Ya kwanza hugeuza kila ukurasa kuwa picha ya kijivu ya nukta 100 kwa inchi, kiasi kinachotosha kwa kupima. Ya pili hukata pembezoni, huhesabu kila pikseli iliyo chini ya asilimia 70 ya weupe kuwa wino, kisha hupanga kurasa kuanzia yenye wino mchache zaidi.

```
pdftoppm -r 100 -gray faili.pdf uk
for p in uk-*.pgm; do
  w=$(magick "$p" -shave 65x20 -threshold 70% \
    -negate -format '%[fx:100*mean]' info:)
  echo "$w $p"
done | sort -g
```

Kwa faili letu orodha hutoka kwa sura kama hii: kurasa nane za kwanza ziko kati ya 0 na 0.02, yaani asilimia ya eneo lenye wino. Kisha unakuja ukurasa wa 18 ukiwa na 0.15. Baada ya hapo namba zinaruka hadi 3 na kuendelea, kwa sababu ukurasa uliochapwa kawaida hufunikwa na wino kwa asilimia chache. Watengenezaji wa katriji za printa hupimia kwa asilimia 5 hivi. Ukurasa wa 18 ndio wenye sahihi. Mstari wa kalamu wenye urefu wa sentimita 15 na unene wa nusu milimita ni pikseli kama 1,200 kati ya 787,000 zilizobaki baada ya kukata, na hiyo ndiyo 0.15.

Kwa hiyo usianze na kizingiti ulichokariri. Tazama orodha iliyopangwa utafute pengo. Hapa pengo liko kati ya 0.02 na 0.15, na kizingiti cha 0.05 kinakaa salama katikati. Ukurasa mtupu ukibaki, hakuna aliyeumia. Ukurasa wa sahihi ukiondoka, mkataba umepoteza kitu. Kizingiti kisogezwe chini kila unapokuwa na shaka.

Kuna hitilafu moja inayoliziba pengo hilo. Chembe ya vumbi au gundi ikinata kwenye kioo chembamba ambacho karatasi hupita juu yake, huchora mstari wima ukurasa mzima. Kwa nukta 100, mstari wa pikseli moja una pikseli 1,129, sawa na 0.14. Namba hiyo haitofautiani na ya sahihi! Utaitambua kwa kuwa kurasa zote tupu za nyuma zinapanda pamoja, kutoka karibu sifuri hadi karibu 0.14, na za mbele zikapanda kidogo tu au zisipande kabisa: skana inayosoma pande zote kwa mpito mmoja ina kioo chake kwa kila upande. Ukiona hivyo, usirekebishe kizingiti. Futa kioo, skani upya.

Mhuri uliofifia ni hatari ya aina nyingine. Wino mwekundu uliopauka kuwa waridi, kwa mfano wa thamani 255, 170, 170, ukigeuzwa kijivu huwa karibu 195, ilhali asilimia 70 ni 178. Mhuri huo hauhesabiwi hata kidogo. Ukipandisha hadi asilimia 80, yaani 204, utaukamata, lakini sasa wino unaopenya kutoka upande wa pili nao utaanza kuhesabiwa. Kwa faili zenye mihuri mingi mimi huchagua 80 na kukubali kurasa kadhaa tupu zibaki.

Ukishaitazama orodha, na kurasa za kutolewa ukazipitia kwa macho, qpdf huzitoa:

```
qpdf faili.pdf --pages . 1-z,x2,x4,x8,x10,x14,x16,x20,x22 -- safi.pdf
```

Herufi x huondoa ukurasa, na inahitaji toleo jipya la qpdf; la zamani hutaka uorodheshe kurasa zinazobaki. Programu hii huhamisha kurasa jinsi zilivyo, bila kuzibana picha upya, na maandishi ya kutafutika yaliyowekwa juu ya picha hubaki mahali pake. Ukijenga PDF upya kutoka kwenye picha zile za kijivu, vyote viwili utavipoteza.

Skana nyingi zina chaguo la kuruka kurasa tupu zenyewe wakati wa kuskani. Silipendi kwa nyaraka za ofisi. Ukurasa ulioachwa hapo haujahifadhiwa popote, karatasi zimesharudi kabatini, na hakuna orodha ya kuonyesha kilichoachwa. Heri kuskani kila kitu, kutoa baadaye, na kulitunza faili la mwanzo hadi kazi ikaguliwe. Na kama nyaraka zitachapwa tena pande mbili, kurasa tupu ziache: ukizitoa, barua mbili zisizohusiana zitajikuta kwenye karatasi moja.