Fomu ya Siti Skani ya Mtoto Ijibu Nini?

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 4 aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, kiasi cha mita 2, akajigonga kichwa. Saa mbili baadaye yuko hospitali. Ametapika mara 3, hatulii, na akiulizwa jina lake anajibu mambo yasiyohusiana. Daktari anataka apigwe siti skani ya kichwa.

Zipo fomu zinazoandikwa hivi: "Ameumia kichwa, siti skani." Anayeipokea idara ya radiolojia hawezi kujua kama mtoto huyo aingizwe sasa hivi au asubiri, wala kama anastahili mionzi hiyo. Seli za mtoto bado zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele yake, kwa hiyo hatari ya saratani, ingawa ni ndogo, kwake ni kubwa kuliko kwa mtu mzima.

Fomu nzuri huanza na swali lenyewe: "Je, kuna damu iliyovuja ndani ya fuvu, au fuvu limevunjika na kubonyea ndani?" Kisha historia iliyochaguliwa: ameanguka saa ngapi na kutoka urefu gani, alizimia au hakuzimia, ametapika mara ngapi. Kipimo cha fahamu cha Glasgow kiandikwe kwa namba. Huyu ana 14 kati ya 15, kwa kuwa majibu yake yamechanganyika. Ugonjwa wa damu kutoganda, uzito wake, na picha alizowahi kupigwa navyo vitajwe.

Ile 14 ndiyo inayobeba ombi lote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, uliohusisha watoto zaidi ya 42,000, ulionyesha kwamba mtoto wa miaka 2 na kuendelea ambaye fahamu zimebadilika, au mwenye dalili za kuvunjika chini ya fuvu, ana uwezekano wa takriban 4 kati ya 100 wa kuwa na jeraha zito la ubongo. Asiye na dalili yoyote ya hatari yuko chini ya 1 kati ya 2,000.

Sehemu inayosahaulika zaidi, na kwangu ndiyo kiini cha fomu, ni hii: jibu litabadilisha nini? Daktari aandike wazi. Damu ikionekana inakandamiza ubongo, mtoto atapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo usiku huohuo. Ufa mdogo usio na damu, atalazwa na kuangaliwa. Picha ikiwa safi lakini bado amechanganyikiwa, hatarudishwa nyumbani. Chanzo kingine kitatafutwa, kuanzia sukari ya damu.

Angekuwa ametapika tu, fahamu zikiwa timamu na anguko likiwa dogo, ombi hilo lingekosa nguvu. Huyo angekaa chini ya uangalizi wa muuguzi kwa saa 4 hadi 6, na skani ingeombwa pale tu hali yake ingebadilika.