Pilipili Usiyoila Inapokuwasha

Mwishoni mwa mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru. Kesi yake haikufika hata kwenye suala la bustani. Jaji Dugdale alitaka kwanza kujua mama huyu ameumizwa nini yeye binafsi, ambacho wakazi wengine wa Nairobi hawakuumizwa. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna, kwa kuwa bustani ni ya wote. Kesi ikatupwa. Kosa dhidi ya umma, alisema jaji, ni la Mwanasheria Mkuu kulifikisha mahakamani; na mwenye mradi alikuwa kampuni ya magazeti yenye uhusiano na chama tawala.

Wahenga walishauliza: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Wanasheria nao wana swali lao kama hilo, na huliita haki ya kusimama mahakamani. Linazuka zaidi katika mapitio ya mahakama, yaani kesi ambayo raia anamwomba jaji achunguze kama waziri, halmashauri au bodi ilifuata sheria ilipoamua jambo. Jaji haulizi kama uamuzi ulikuwa wa busara, anauliza kama ulikuwa halali. Lakini kabla ya hapo lazima ajue anayelalamika ni nani.

Kenya na Tanzania zilirithi sheria hiyo kutoka Uingereza, na huko ndiko ilikobadilika kwanza. Tangu 1977 kanuni za mahakama za Uingereza zikamtaka mwombaji awe na “maslahi ya kutosha” katika jambo analolilalamikia, na Bunge likayaweka maneno hayo katika sheria ya mwaka 1981. Kutosha kiasi gani? Sheria haikusema. Kazi hiyo iliachiwa majaji.

Kesi ya kwanza kubwa ilikuwa na kichekesho ndani yake. Vibarua wa mitambo ya magazeti katika mtaa wa Fleet, London, walikuwa wakipokea ujira kwa majina ya uongo ili wasilipe kodi. Mmoja wao alijiandikisha kama Mickey Mouse. Mamlaka ya mapato ilipogundua iliamua kuwasamehe ya nyuma, mradi kuanzia hapo walipe. Chama cha wafanyabiashara wadogo kikachukia: sisi tunafukuzwa kwa kila senti, hawa wanasamehewa? Kikafungua kesi, na mwaka 1981 mahakama ya juu kabisa ikakiangusha, kwa sababu hesabu za kodi za mtu ni siri kati yake na mamlaka, na hakuna uvunjaji wa sheria uliothibitishwa.

Hata hivyo chama hicho kiliacha mlango wazi. Majaji walisema maslahi ya kutosha hayapimwi peke yake, kama mtu anavyopimwa urefu mlangoni. Mwanzoni, kesi inapoombewa kibali, wanaozuiwa ni wenye kimbelembele, wanaodandia mambo bila sababu. Wengine huingia, kisha maslahi yao hupimwa pamoja na uzito wa kosa lenyewe. Jaji Diplock aliongeza kuwa lingekuwa pengo kubwa katika sheria kama kikundi cha wanaharakati, au hata mlipa kodi mmoja mwenye uchungu na nchi yake, angezuiwa na kanuni zilizopitwa na wakati asikomeshe uvunjaji wa sheria.

Maneno hayo yalipata nguo mwaka 1994, katika kesi ya bwawa la Pergau. Mwaka 1991 Waziri wa Mambo ya Nje, Douglas Hurd, aliidhinisha msaada wa paundi milioni 234 kwa bwawa la umeme nchini Malaysia. Katibu mkuu wa idara ya misaada, Tim Lankester, alikuwa amemwonya kwamba mradi huo haulipi kiuchumi. Sheria ya mwaka 1980 iliruhusu fedha hizo zitumike kwa maendeleo. Nani aende mahakamani? Malaysia ilikuwa inapata bwawa, na mlipa kodi wa Uingereza hakuweza kuonyesha senti yake iliyopotea. Aliyekwenda ni shirika la kampeni lililoitwa World Development Movement, ambalo halikuwa limepoteza chochote.

Majaji walilikubali, na sababu zao ndizo zinazotumika hadi leo. Waliangalia uzito wa jambo na aina ya kosa linalodaiwa. Waliangalia pia shirika lenyewe: lilikuwa limeshughulikia misaada kwa miaka mingi, lina utaalamu na sifa ya kazi hiyo. Zaidi ya yote waliuliza, tukilifukuza hili, atakuja nani? Hapakuwa na mwingine. Shirika likaingia, na likashinda: mradi usio na mantiki yoyote ya kiuchumi haukuwa maendeleo ambayo sheria iliyataja.

Swali hilo la “atakuja nani” linakata pande mbili. Mwishoni mwa 2017 bodi ya msamaha wa vifungo ya Uingereza iliamua kumwachia dereva teksi aliyefungwa mwaka 2009 kwa kuwalewesha wanawake abiria wake na kuwadhalilisha kingono. Meya wa London, Sadiq Khan, akafungua kesi. Wanawake wawili waliodhulumiwa na mtu huyo nao wakafungua yao. Machi 2018 mahakama iliufuta uamuzi wa bodi kwa kesi ya wale wanawake, lakini meya ikamwambia hana haki ya kusimama. Hakuna aliyedai kwamba jambo lilikuwa dogo, wala kwamba meya alikuwa mwenye kimbelembele. Ila wenye jeraha walikuwepo, wanaweza kusema, na walikuwa wamesema.

Hapo ndipo tofauti ya watu hawa wawili inapoonekana vizuri. Aliyeguswa moja kwa moja, tuseme mama lishe aliyenyimwa leseni, huja na barua ya kukataliwa mkononi. Barua hiyo ndiyo maslahi yake. Haulizwi ana utaalamu gani wala kama yuko mwingine. Kinachomponza mara nyingi ni kalenda: Uingereza anatakiwa aende haraka, na kwa kawaida isizidi miezi mitatu. Anayesimama kwa ajili ya umma hana barua. Badala yake analeta historia ya kazi yake, ushahidi aliokusanya, na sababu ya kuamini kwamba asipokuja yeye kosa litapita bila kuulizwa. Kuandika katika katiba ya shirika kwamba “tunatetea utawala wa sheria” hakumtoshi. Na kalenda haimhurumii zaidi ya mama lishe.

Mwaka 2012, katika kesi ya barabara kule Uskoti, Jaji Hope alitoa mfano wa ndege mla samaki ambaye njia yake ya kuruka inazibwa na mitambo ya upepo. Hakuna binadamu mwenye mali iliyoharibika hapo, na ndege hawezi kwenda mahakamani. Lazima awepo mtu wa kumsemea.

Bustani ya Uhuru ilikuwa katika hali ya ndege huyo. Jengo halikujengwa, lakini kelele za umma na wafadhili kujitoa ndivyo vilivyoliangusha, si mahakama. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara za 22 na 258, sasa inamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kujisemea, au kwa maslahi ya umma. Maathai angekuja leo, jaji angelazimika kumjibu swali alilokwenda nalo: nani aliruhusu jengo bustanini, na kwa sheria ipi?