Faida moja, kodi mbili: Australia inavyomrudishia mwanahisa kodi ya kampuni

Chukua kampuni iliyopata faida ya dola 1,000 kwa mwaka. Serikali inaitoza kodi ya asilimia 30, inabaki na dola 700, na wakurugenzi wanaamua kuzigawa zote kwa wanahisa. Kwa kampuni hesabu imeisha. Kwa mwanahisa ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu gawio hilo nalo ni mapato yake. Kama kiwango chake cha kodi ni asilimia 45, anakatwa dola 315 nyingine na kubaki na 385. Katika kila dola 1,000 zilizozalishwa, serikali imekwenda na 615.

Hilo ndilo tozo la mara mbili ambalo watu wa kodi huliita mfumo wa jadi. Msingi wake ni wa kisheria: kampuni ni mtu wake, mwenye hisa ni mtu mwingine, na kila mmoja hulipia mapato yake. Marekani bado inaufuata kwa sehemu kubwa. Kampuni hulipa kodi ya shirikisho ya asilimia 21, kisha mwanahisa hulipia gawio, ingawa kwa kiwango kilichopunguzwa ambacho kwa magawio mengi hakizidi asilimia 20.

Malalamiko ya wenye hisa ni sehemu tu ya tatizo. Riba ya mkopo huondolewa kwenye faida kabla kodi haijakokotolewa, gawio haliondolewi. Kwa hiyo kampuni inayohitaji mtaji huona nafuu kukopa benki kuliko kuuza hisa, na siku biashara ikidorora, deni halisubiri. Pia wakurugenzi hushawishika kulimbikiza faida ndani ya kampuni, maana kuigawa ni kuialika kodi ya pili.

Australia iliamua kuuvunja utaratibu huo tarehe 1 Julai 1987, wakati wa serikali ya Bob Hawke, Paul Keating akiwa waziri wa fedha. Wazo lake lilikuwa kwamba kodi inayolipwa na kampuni ihesabiwe kuwa malipo ya awali ya kodi ya mwanahisa mwenyewe. Gawio linapotoka, linatoka na krediti, yaani uthibitisho kwamba juu ya faida hii kodi kiasi fulani imekwisha kulipwa.

Turudi kwenye zile dola 1,000. Mwanahisa anapokea dola 700 taslimu, na hati ya gawio inaonyesha krediti ya dola 300. Kwenye ritani yake ya kodi haandiki 700 bali 1,000, kana kwamba faida yote ilimfikia mkononi. Kodi ya asilimia 45 juu ya kiasi hicho ni dola 450. Anatoa krediti ya 300, anaongeza 150, na mfukoni zinabaki dola 550. Angepata kiasi hichohicho kama angejipatia dola 1,000 kwa mshahara, tukiacha kando tozo ya afya.

Mwenye kiwango cha asilimia 30 haongezi chochote, kwani krediti inalingana na deni lake. Utamu, na ugomvi, uko kwa aliye chini ya hapo. Mfuko wa pensheni wa Australia kwa kawaida hutozwa asilimia 15, kwa hiyo juu ya dola 1,000 unadaiwa 150 huku ukishikilia krediti ya 300. Je, zile 150 zinazozidi ziende wapi? Hapo mwanzo zilitumika kupunguza kodi ya mapato mengine tu, na zilizosalia zilipotea. Kuanzia Julai 2000 serikali ya John Howard iliruhusu zirudishwe kwa fedha taslimu. Mstaafu asiyedaiwa kodi yoyote akapata dola zote 300, na kodi ya kampuni kwa sehemu yake ikawa kama haikuwahi kulipwa.

Krediti hazitungwi hivihivi. Kila kampuni hutunza daftari maalumu: ikilipa kodi, krediti huingia, ikitoa gawio lenye krediti, hutoka. Daftari likionekana na upungufu mwisho wa mwaka, kampuni hutozwa kodi ya kufidia pengo hilo. Kwa sababu hiyo, benki kubwa zinazopata faida yao nyumbani huweza kutoa magawio yenye krediti kamili, ilhali kampuni iliyochuma ng'ambo hutoa yenye krediti pungufu au yasiyo nayo kabisa. Kodi iliyolipwa kwa serikali ya nchi nyingine haiingii katika daftari hilo.

Kitu chenye thamani hakikosi wa kukiwinda. Mwekezaji wa kigeni hawezi kuitumia krediti, ingawa husamehewa kodi ya zuio kwenye gawio lililobeba krediti kamili. Kwa hiyo palizuka mbinu ya kuhamisha hisa kwa siku chache kwenda kwa Mwaustralia, apokee gawio na krediti, kisha hisa zirudi kwa mwenyewe na faida igawanywe. Dawa iliyotungwa miaka ya 1990 ni sharti la siku 45: asiyeshikilia hisa kwa muda huo, bila kuhesabu siku ya kununua na ya kuuza, huku akibeba kweli hatari ya bei kushuka, hanufaiki na krediti. Wanahisa wadogo, ambao krediti zao kwa mwaka hazifiki dola 5,000, hawabanwi na sharti hilo.

Ugomvi wa kisiasa ulifika kileleni mwaka 2019. Chama cha Labor, kikiongozwa na Bill Shorten, kiliahidi kufuta marejesho ya fedha taslimu, kikisema hazina inawalipa watu wasiotoa kodi. Wapinzani wao waliibatiza sera hiyo kodi ya wastaafu. Labor ilishindwa katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei, na baadaye ikaachana na mpango huo.

Ulaya, mfumo wa aina hii ulikwama mipakani. Uingereza iliuanza 1973 na Ujerumani 1977, zote zikijali zaidi wanahisa wa nyumbani. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba Ufini haiwezi kumnyima krediti mkazi wake kwa sababu tu hisa zake ni za kampuni ya Uswidi. Uamuzi huo ulimaanisha kwamba nchi moja ingerudisha kodi iliyoingia katika hazina ya nchi nyingine. Kufikia hapo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kuuacha mfumo, na Ufini ikafuata.

Tanzania na Kenya zinapunguza mzigo huo kwa njia nyingine, bila krediti wala daftari. Kampuni hulipa asilimia 30, kisha gawio la mkazi hukatwa kodi ndogo ya zuio ambayo ndiyo ya mwisho: Kenya asilimia 5, Tanzania asilimia 10, au 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Faida ya shilingi 1,000 ya kampuni ya Tanzania isiyoorodheshwa hukatwa 300, kisha 70, na mwanahisa hupata 630. Hapo tajiri anabaki na zaidi ya zile 550 za mwenzake wa Australia mwenye kiwango cha asilimia 45. Mstaafu wa Tanzania asiye na mapato mengine naye hupata 630 hizohizo, wakati mstaafu wa Australia hurudishiwa mpaka zikatimia 1,000.