Garimoshi halingoji: Msafiri wa kiti cha magurudumu ajiandae vipi pale Voi?

TIKITI iko mkononi, nauli imelipwa, na nguo zimekunjwa sandukuni. Jamaa wote wa Mwatate wamekuja kumuaga binti yao anayerudi chuoni Nairobi. Lakini binti huyu hatembei kwa miguu. Anatembea kwa kiti cha magurudumu, na jambo ambalo halijaulizwa na yeyote nyumbani ni hili: garimoshi litakapofunga breki pale Voi, nani atamwingiza ndani, kwa mlango upi, na kwa muda gani?

Msomaji mpendwa, kisa hiki ni cha mfano tu, lakini familia nyingi za Taita Taveta zitakitambua. Tukifuate hatua kwa hatua, maana wengi hudhani kwamba ukishanunua tikiti umemaliza. Tikiti hukupa kiti. Haikupi mtu wa kukusaidia, wala haimjulishi mkuu wa stesheni kwamba unakuja. Hayo ni mambo mawili, na kila moja huombwa peke yake.

Treni ipi husimama Voi?

Tangu Juni 2017, abiria wa Voi hutumia reli ya kisasa ya SGR. Garimoshi la Madaraka Express ni la aina zaidi ya moja. Kuna lile la haraka linalokimbia moja kwa moja kati ya Mombasa na Nairobi, na kuna lile la kaunti linalosimama katika stesheni za njiani. Anayepandia Voi asichanganye haya mawili. Lile la kaunti hung'oa nanga Mombasa asubuhi, likapitia Mariakani na Miasenyi kabla ya kufika Voi, kisha likaendelea Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River na hatimaye Nairobi.

Mombasa na Nairobi ni vituo vya mwisho. Huko treni husimama kwa muda mrefu, na msafiri anaweza kupanda polepole. Voi ni kituo cha njiani. Treni husimama kwa dakika chache tu, milango ikafungwa, safari ikaendelea. Kwa anayetembea, dakika hizo zinatosha. Kwa anayehitaji watu wawili wa kumwinua, huku mlango wake uko mabehewa manne mbele, hazitoshi hata kidogo. Ndiyo maana safari ya binti yetu huamuliwa siku kadhaa kabla, si asubuhi ile jukwaani.

Kipimo kwanza, simu baadaye

Kabla ya kumpigia mtu yeyote, twaa utepe wa fundi cherehani ukipime kiti. Pima upana kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi jingine, si upana wa pale pa kukalia. Kiti cha mtu mzima mara nyingi huwa na sentimita 60 hadi 68. Jua pia kama kinakunjwa, na uzito wake ni kilo ngapi.

Vipimo hivi vina maana kubwa. Katika behewa la daraja la kawaida, viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na njia ya katikati ni nyembamba. Usitegemee kwamba kiti chenye sentimita 65 kitapita hapo. Daraja la kwanza lina viti viwili kila upande, kwa hivyo lina nafasi zaidi, lakini nauli yake ni ghali. Kwa hivyo swali la pili la kuuliza ni hili: je, kuna nafasi ya abiria kubaki juu ya kiti chake, au atahamia kiti cha behewa na chake kikunjwe? Kama ni kuhama, ombeni viti vilivyo karibu kabisa na mlango. Mwenzake akae kando yake, na kiti kilichokunjwa kiwekwe mahali ambapo hakizibi njia.

Kiti cha umeme ni jambo jingine. Chaweza kuwa na uzito wa kilo 100 au zaidi bila mwenyewe kukikalia. Watu wawili hawakiinui, na hakikunjwi kama kile cha kawaida. Mwenye kiti hicho asithubutu kwenda stesheni kabla ya kuhakikishiwa kwamba hakuna ngazi hata moja kati ya lango na sakafu ya behewa.

Tikiti hununuliwa kwa simu kupitia *639#, au kwenye mtandao wa metickets.krc.co.ke, na jina pamoja na nambari ya kitambulisho ni lazima. Ukishaipata, ndipo upige simu ya huduma kwa abiria ya Shirika la Reli, au bora zaidi, mjomba aende mwenyewe dirishani Voi. Maneno yawe mafupi na kamili, kwa mfano:

"Habari yako, bwana mkubwa. Mpwa wangu anasafiri Jumatatu na treni ya kaunti kutoka Voi hadi Nairobi. Anatumia kiti cha magurudumu. Hawezi kusimama. Kiti kina upana wa sentimita 64, kinakunjwa, na uzito ni kilo 18. Tutakuwa wawili. Naomba kujua mlango wa behewa letu utasimama wapi jukwaani, na nani atatupokea Nairobi."

Kisha aandike jina la aliyemjibu, siku na saa. Siku ya safari wafanyakazi wa zamu huenda wakawa wengine, na maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba habari ilitolewa mapema.

Njia isiyo na ngazi

Sasa tuihesabu njia yenyewe. Kutoka Mwatate hadi Voi ni kwa barabara. Ipo reli ya zamani ya kwenda Taveta, iliyojengwa na wanajeshi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, lakini haibebi abiria leo. Stesheni ya SGR nayo haiko katikati ya mji kama ile ya zamani. Basi dereva aambiwe tangu mwanzo kwamba ni lazima afike karibu na lango, na kwamba kiti kinahitaji nafasi garini.

Mbele ya hapo kuna viungo sita vya kuuliza: lango, ukaguzi, chumba cha kungojea, jukwaa, mlango wa behewa na choo. Kiungo kimoja kikikatika, vile vingine vitano havina faida. Kwenye ukaguzi, mizigo hupangwa ikanuswa na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine. Mwenye kiti cha chuma hawezi kupita kwenye mlango wa kunasa vyuma bila king'ora kulia, kwa hivyo aombe kukaguliwa kwa mkono na afisa wa jinsia yake. Hilo huchukua muda. Afike saa moja na nusu kabla ya treni.

Kwenye jukwaa, swali ni la kimo. Sakafu ya mabehewa haya iko zaidi ya mita moja juu ya vyuma vya reli. Jukwaa likiwa la kimo hicho, linabaki pengo dogo tu la kuruka. Likiwa chini, kuna vidato vya kupanda. Uliza pia kama treni yenu itasimama kwenye jukwaa lililo upande wa jengo, au lile la ng'ambo ambalo huenda likahitaji kuvuka.

Kuna kanuni moja ya mafundi ambayo kila familia yafaa kuijua. Mteremko salama wa kiti cha magurudumu ni urefu mara 12 ya kimo. Kidato cha sentimita 15 kinahitaji ubao wa sentimita 180. Kimo cha mita moja kingehitaji mita 12, na hakuna ubao wa kubebwa wa urefu huo. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Njooni tu, tutaweka ubao," muulize ni vidato vingapi.

Namna ya kuinua

Penye pengo dogo, ingizeni kiti kinyumenyume. Magurudumu makubwa ya nyuma hupita juu ya pengo, lakini yale madogo ya mbele hutumbukia na kumrusha mtu kifudifudi. Penye vidato, usishike kamwe pa kuegemeza mikono wala pa kukanyagia miguu, maana hivyo vimetengenezwa kung'oka. Shikeni fremu yenyewe. Na anayehesabu "moja, mbili, tatu" ni yule aliyekaa kitini, kwa sababu mwili ni wake.

Ndani ya behewa, saa zote nne au zaidi za kwenda Nairobi, kuna hatari isiyoonekana. Wengi huacha kunywa maji tangu jana yake kwa kuogopa choo chenye mlango mwembamba. Joto la Voi mnalijua. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo, kukaa bila maji huweza kuleta maradhi ya njia ya mkojo. Heri atumie choo cha stesheni kabla ya kupanda, na anywe kidogo kidogo njiani. Ajiinue au ainamishwe upande kila nusu saa, ili vidonda vya kukalia visimpate.

Kurudi ndiko kugumu

Watu wengi hupanga safari ya kwenda na kusahau ya kurudi. Nairobi treni imefika mwisho, na binti anaweza kuwaacha wote washuke ndipo atoke. Akirudi nyumbani likizo, Voi itakuwa kituo cha njiani tena. Kutoka Nairobi, stesheni iliyo kabla ya Voi ni Mtito Andei. Treni ikishaondoka hapo, amwite mhudumu wa behewa na kumkumbusha. Kiti kifunguliwe, naye awe karibu na mlango kabla treni haijapunguza mwendo. Mlango ukifungwa akiwa bado ndani, stesheni inayofuata ni Miasenyi, na kutoka huko atatafuta gari la kumrudisha Voi.

Katika nchi nyingine mambo haya yamewekewa utaratibu. Uingereza, tangu Aprili 2022, abiria anaweza kuomba usaidizi hadi saa mbili kabla ya safari, na mfanyakazi humjia na ubao wa kuingilia. Kwetu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa njia ifaayo. Kwa hivyo mjomba anapokwenda dirishani Voi haendi kuomba fadhila. Anakwenda kueleza haki ya mpwa wake itatimizwa kwa mlango upi.

Basi, utepe uko wapi? Pimeni kiti leo, kabla hamjabonyeza nambari ya tikiti.