Jasho la Saa Kumi Jioni

Januari 12, 2022, mjini Limbe, Kamerun, Mali na Tunisia zilicheza mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kuanzia saa nane mchana. Mali ilikuwa mbele kwa bao 1-0 mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipopuliza kipyenga cha mwisho dakika ya 85. Alikumbushwa, mchezo ukaendelea, kisha akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Watunisia waliwaka kwa hasira, na mashabiki wengi wakadhani kuna hila. Baadaye ilibainika kwamba mtu huyo alikuwa amezidiwa na joto. Mwenyewe alisimulia kwamba madaktari walimwambia mwili wake ulikuwa umeshindwa kujipoza.

Kilichompata mwamuzi kinaweza kumpata winga au beki yeyote. Mchezaji anapokimbia juani, damu yake hugombaniwa na pande tatu: misuli inaitaka ifanye kazi, ngozi inaitaka itoe joto nje, na tumbo linaitaka lisage chakula. Jasho nalo huchota maji kutoka kwenye damu hiyohiyo. Kadiri maji yanavyopungua, moyo hudunda kwa kasi zaidi kuzungusha kidogo kilichobaki, na joto la ndani hupanda. Pwani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Kwenye hewa nzito ya Tanga, Mombasa au Limbe, sehemu kubwa ya jasho hudondoka chini likiwa bado maji. Mchezaji amelipoteza bila kupata ubaridi wowote.

Ndiyo maana mlo wa siku ya mechi hupangwa ili tumbo liwe limejitoa kwenye ugomvi huo kabla kipyenga hakijalia. Kama mechi inaanza saa kumi jioni, chakula kikuu kiliwe kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Kiwe cha wanga unaosagika kwa urahisi: wali mweupe, ugali, viazi vya kuchemsha au ndizi, pamoja na kipande kidogo cha samaki au kuku asiyeogelea kwenye mafuta. Mchezaji wa kilo 70 anahitaji wanga wa gramu 140 hivi, sawa na sahani moja iliyojaa wali na ndizi mbivu moja. Chumvi ya kawaida kwenye mchuzi isiondolewe, maana husaidia maji kubaki mwilini badala ya kuishia chooni.

Chipsi mayai na pilau lenye mafuta mengi ni vyakula vitamu, lakini mafuta hukaa tumboni kwa saa nyingi. Maharage mengi huleta gesi. Mchezaji aliyekula hivyo saa nane huanza mechi akiwa na tumbo linalodai damu, na mara nyingi ndiye anayeonekana ameinama pembeni akitapika dakika ya ishirini.

Maji nayo hayangoji kiu. Saa nne hivi kabla ya mechi, mchezaji huyo wa kilo 70 anywe mililita 350 hadi 500, yaani chupa ndogo moja isiyozidi nusu lita, polepole. Saa nane mchana atazame mkojo wake. Ukiwa na rangi hafifu kama maji ya ndimu, yuko sawa. Ukiwa umekolea kama chai ya rangi, au haujatoka kabisa, aongeze glasi moja au moja na nusu. Muda unaobaki unatosha ziada kutoka kabla ya kupasha misuli.

Wakati wa mechi, kila mchezaji ana kiwango chake cha jasho, na mzani wa kawaida wa bafuni unatosha kukipima. Tuchukue beki aliyepimwa akiwa na kaptula tu kabla ya kupasha misuli, akawa na kilo 70.0. Baada ya mechi alijifuta jasho, akapimwa tena: kilo 68.4. Katikati alikunywa mililita 600 na hakwenda haja ndogo. Amepungua kilo 1.6, na ukijumlisha maji aliyokunywa, jasho lake ni kama lita 2.2. Upungufu wake ni asilimia 2.3 ya uzito, umevuka kidogo asilimia 2 ambako wachezaji wengi huanza kuchelewa kwenye mpira, hasa joto likiwa kali. Hahitaji kurudisha jasho lote. Akifikisha mililita 850 tu atabaki ndani ya mpaka: 200 mwishoni mwa kupasha misuli, 350 wakati wa mapumziko, na 150 katika kila kisimamo cha kunywa maji.

Sheria za soka zinaruhusu visimamo hivyo. Kisimamo cha kunywa hakizidi dakika moja, na cha kupoza mwili huwa kati ya sekunde 90 na dakika tatu. Kwenye Kombe la Dunia la 2014, Uholanzi na Meksiko zilisimama kwa ajili hiyo mjini Fortaleza, na kocha Louis van Gaal akautumia muda huo kubadili mpango wake. Uholanzi ikatoka nyuma na kushinda 2-1. Makocha wengi wamelishika somo hilo upande wa mbinu tu. Mchezaji anayesikiliza maelekezo huku chupa imefungwa mkononi amepoteza mililita zake 150, kwa hiyo chupa ziwe zimefunguliwa, maji yawe ya baridi, na kocha aongee watu wakiwa wanakunywa.

Kuanzia mapumziko, maji yenye sukari na chumvi kidogo hufaa kuliko maji matupu. Katika lita moja ya maji safi, weka vijiko vitano vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu kwa ladha. Soda ina sukari karibu maradufu ya hiyo, hivyo hukawia tumboni na gesi yake hujaza. Madafu ni mazuri, ila yana sodiamu chache kuliko jasho. Chembe za chumvi huyasaidia.

Kunywa kupita kiasi nako ni hatari. Watafiti walipowapima wakimbiaji 488 waliomaliza Marathoni ya Boston ya 2002, asilimia 13 walikutwa na sodiamu ya chini kwenye damu, na dalili kubwa ilikuwa kuongezeka uzito njiani. Maji yanayozidi huizimua damu na kuvimbisha ubongo. Mchezaji ambaye mzani unaonyesha amerudi mzito kuliko alivyoondoka, tena anaumwa kichwa na kichefuchefu, asipewe maji zaidi; apelekwe hospitali.

Na kuna mchezaji aliyekula vema, akanywa vema, bado akapigwa na joto, kwa sababu maji hayalipunguzi jua wala unyevu wa hewa. Wachezaji wenzake ndio huona kwanza: anajibu ovyo, anakimbilia goli lisilo lake, anayumba. Huenda bado anatoka jasho jingi, hivyo ngozi kavu isingojwe. Hapo chupa haina kazi. Avuliwe jezi, atumbukizwe kwenye beseni kubwa la maji na barafu, au amwagiwe maji ya baridi mfululizo huku akipepewa, tangu dakika ileile na hapohapo uwanjani, wakati gari la wagonjwa likiwa njiani.