Oda ya Kazi Itoke Lini?

Kompresa ya hewa ikizima katika kiwanda cha soda, mitambo ya kujaza chupa nayo husimama, maana vali zake nyingi huendeshwa kwa hewa hiyo. Ndiyo maana kompresa haingojwi iharibike, bali hufanyiwa servisi kulingana na saa ilizofanya kazi. Viwanda vingi hesabu hiyo vimeiachia SAP, programu ya Kijerumani ya kuendeshea shughuli za kampuni. Sehemu yake ya matengenezo huitwa PM.

Tuchukue kompresa inayotakiwa kubadilishwa oili na filta kila saa 2,000. Mpangaji amekisia kwamba kwa mwaka itafanya kazi saa 6,000. Hizo ni servisi tatu, yaani moja kila baada ya siku 122 hivi.

Oda ya kazi itoke lini? Hilo huamuliwa na asilimia anayoweka mpangaji. Akiweka 100, oda hutoka siku ileile ya servisi. Fundi anafika stoo, filta hakuna, na kuiagiza kunachukua siku 30. Muda wote huo kompresa inafanya kazi na filta iliyochoka. Akiweka 70, oda hutoka siku ya 85, kukiwa kumebaki siku 37. Vipuri vilivyoorodheshwa kwenye oda huombewa stoo mapema, na kisichokuwepo ofisi ya ununuzi hupata nafasi ya kukiagiza. Kwa hiyo asilimia hiyo ipangwe kwa kuangalia spea inayochelewa kuliko zote.

Hata hivyo, hesabu hii yote imesimama juu ya makisio. Msimu wa sikukuu ukifika, kiwanda kikafanya kazi usiku na mchana, saa 2,000 zitakwisha kwa siku 83 tu. Kama hakuna aliyeingiza namba za mita ya saa, mfumo hautajua. Utaitoa oda siku ya 85, servisi ikiwa imeshapitwa. Dawa yake ni kusoma mita kila wiki na kuingiza namba kupitia skrini ya IK11. Kisha IP30, ambayo viwanda vingi huiacha ijiendeshe kila usiku, hupiga hesabu upya na kuisogeza tarehe.

Kosa jingine hutokea mwishoni. Fundi amemaliza kazi Jumatatu, lakini oda imefungwa, yaani kupewa hali ya TECO, baada ya wiki tatu, tena kwa tarehe ya siku ya kufunga. Mfumo utaamini servisi ilifanyika siku hiyo, na kulingana na ulivyopangwa, unaweza kuisogeza mbele servisi inayofuata.

Kuyagundua haya hakuhitaji mtaalamu. Fungua oda tatu za mwisho za kompresa, utoe usomaji wa mita wa servisi moja kwenye ule wa servisi iliyofuata. Ukipata karibu na 2,000, ratiba inafuata mashine. Ukipata 2,700, anza na makisio ya mwaka, kisha uliza mita ilisomwa lini mara ya mwisho.