Gari Limezimwa, Masega Bado ya Moto

Gari linaloegeshwa Forodhani, pembezoni mwa barabara ya Mizingani, halina cha kuchoma hata kama bomba lake la moshi limewiva. Chini ni lami na mawe. Lakini gari hilohilo, tuseme Toyota Noah ya kukodi, likiondoka hapo asubuhi moja ya Julai na abiria saba kwenda Makunduchi kutazama Mwaka Kogwa, litaegeshwa mwishoni mwa safari penye nafasi, na nafasi siku hiyo ni uwanja wa majani. Majani hayo yalinyanyuka kwa mvua za masika, sasa yameanza kukauka, na yaliyo marefu yanagusa tumbo la gari. Kila mtu uwanjani anasubiri kibanda cha makuti kitakachochomwa kwa makusudi, kama mila inavyotaka. Hakuna anayewaza kuhusu kinachoendelea chini ya Noah.

Chini yake, kati ya injini na sailensa, kuna kopo la chuma ambalo mafundi wa Tanzania hulijua kwa jina la masega. Ndani ya kopo mna kauri yenye vitundu vyembamba, mara nyingi kama 60 katika kila sentimita moja ya mraba, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unaotoka kwenye injini ya petroli bado una mabaki ya mafuta ambayo hayakuungua na gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi. Ukipita katika masega, mabaki hayo yanakutana na oksijeni juu ya madini na kuungua bila mwale, yakitoka yakiwa hewa ukaa na mvuke wa maji. Kuungua huko kunazaa joto. Kwa hiyo masega hayapitishi tu joto la injini, bali yanatengeneza la kwake.

Kazi hiyo haianzi mpaka kauri ifikie nyuzi za Selsiasi 250 hadi 300 hivi. Baada ya hapo, gari likiwa safarini, ndani ya kopo huwa kati ya nyuzi 400 na 800 kulingana na mwendo na mzigo. Ganda la nje lina joto pungufu, lakini nyuzi 300 juu yake si jambo la ajabu. Ndiyo maana viwandani hufungwa bati la kukinga joto, moja juu ya kopo kulinda sakafu ya gari na, kwa magari mengi, jingine chini yake kwa ajili ya majani. Bati hilo la chini ndilo linaloota kutu kwanza. Linaanza kulia kila gari linapopita tuta, dereva anachoka na kelele, na fundi analing'oa kwa dakika tano. Gari linarudi barabarani likiwa kimya, na kopo liko uchi.

Magari ya petroli ya Japani yana masega tangu miaka ya 1970, nchi hiyo ilipokaza sheria za moshi. Kwa muda mrefu petroli ya huku kwetu ilikuwa na risasi, na risasi huua masega kwa kufunika yale madini. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi karibu zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na mafuta hayo. Tangu hapo, gari lililotumika linaloshushwa bandari ya Malindi likiwa na masega yake linaweza kuendelea kuyatumia, na joto lake lote.

Sasa turudi uwanjani Makunduchi. Noah imetembea kilomita 60 na kitu, kiyoyozi kikifanya kazi. Njiani upepo ulipita chini ya gari bila kukoma na kupunguza joto la ganda. Dereva anapozima injini, upepo huo unakatika papo hapo. Kauri iliyo katikati ya kopo bado ina joto kuliko ganda, na joto hilo halina pa kwenda ila nje. Ndiyo sababu dakika chache baada ya gari kuzimwa, ganda na vyuma vya jirani vinaweza kupanda joto badala ya kushuka. Kisha linaanza kupoa polepole, na huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kuwa salama kwa jani kavu. Dereva anayeacha injini ikinguruma ili wageni wakae kwenye ubaridi anaifuta nusu saa hiyo kabisa, maana masega yanaendelea kufanya kazi.

Jani kavu linahitaji nini ili liwake? Kwanza liguse, au likaribie sana. Joto linalomulika kutoka kwenye chuma cha nyuzi 350 hupungua nguvu kadiri nafasi inavyoongezeka, na majani mafupi yaliyo kiganja kizima chini ya kopo hayapati madhara. Noah ina nafasi ya kama sentimita 15 kati ya tumbo na ardhi, na kopo ni miongoni mwa vitu vinavyoning'inia chini zaidi. Majani ya urefu wa goti yanakunjwa na gari linapoingia, halafu yanajinyoosha na kulalia chuma. Pili, liwe limekufa na kukauka. Jani bichi lina maji mengi kuliko uzito wake mkavu, na joto lote linaishia kuyachemsha. Jani lililokufa linafuata unyevu wa hewa: mchana wa jua linakauka ndani ya saa moja tu, kwa sababu ni jembamba.

Hapo Unguja ina bahati yake. Hewa ya baharini hulipa jani lililokufa unyevu ambao jani la Dodoma au Serengeti halina katika miezi ya kiangazi, na pengine ndiyo sababu madereva wengi wa kisiwani wameegesha juu ya majani maisha yao yote bila kisa. Lakini bahati hiyo ina mipaka. Saa saba za mchana, Januari au Februari, jua la kaskazi linapopiga uwanja, majani yenyewe yana joto kuliko hewa iliyoyazunguka na unyevu wake unashuka. Tena kopo halihitaji kukuta jani limekauka sawasawa. Linalikausha lenyewe kwanza, kisha linalichoma.

Kuanzia nyuzi 200 na kitu jani linaanza kuvunjika: linageuka kahawia, kisha jeusi, na kutoa moshi mweupe ambao ndio gesi inayoweza kuwaka. Karibu na nyuzi 300 na kuendelea, likibaki limegusa chuma, ukingo wake unaweza kushika moto mdogo mwekundu usio na mwale. Wauza mishikaki wa Forodhani wanaujua moto wa namna hiyo kila jioni: mkaa umefunikwa majivu, unaonekana umelala, mpaka kipepeo kipite mara tatu. Chini ya gari kazi ya kipepeo inafanywa na upepo wa bahari. Ndiyo maana mwale unaweza kutokea wakati dereva ameshaondoka zamani, na watu wakaapa kwamba kuna aliyetupa kipande cha sigara.

Ubishi wa namna hiyo ulizuka Bengaluru, India, tarehe 23 Februari 2019. Katika maonyesho ya ndege ya Aero India, kituo cha jeshi la anga cha Yelahanka, magari yaliegeshwa kwenye uwanja wa majani makavu. Moto ulishika huku upepo ukivuma, na magari karibu 300 yakateketea. Sigara ilitajwa, na gari lililopata joto kupita kiasi likatajwa pia. Kusini mwa California hapakuwa na shaka kubwa: moto uliozuka karibu na barabara kuu ya 91, tarehe 15 Novemba 2008, wachunguzi waliuhusisha na ekzosi ya gari iliyochoma majani ya kando ya barabara. Pepo kavu za jangwani ziliubeba mpaka ukala hekta zipatazo 12,000 na nyumba zaidi ya 150.

Magari ya petroli yana hatari nyingine ya kimyakimya: injini inayomisi. Plagi moja ikifa katika injini ya silinda nne, robo ya petroli inayoingia inatoka mbichi, pamoja na hewa yake, moja kwa moja hadi kwenye masega. Inaungulia humo. Joto la ndani linaweza kuvuka nyuzi 900, na kopo likaonekana jekundu gizani. Mbele ya joto hilo hata majani yasiyogusa chuma hayako salama. Dalili zake hazijifichi: gari linatetemeka likisimama, taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa badala ya kuwaka tu, nguvu zinapungua mlimani, na mara nyingine kunatoka harufu ya yai viza. Kauri ikianza kuyeyuka au kuvunjika, kopo likigongwa kwa ngumi ya mkono linasikika kama lina kokoto. Bila shaka ligongwe likiwa limepoa.

Dizeli za zamani, kama Land Cruiser nyingi za mbugani, hazina masega, na bomba lao lina joto pungufu. Shida yao ni majani yanayojikusanya. Gari linalopasua nyasi ndefu kutwa linabeba vichwa vya mbegu na kuvishindilia juu ya bomba, kwenye kona za fremu, mahali pasipopigwa na upepo. Dizeli mpya zenye chujio la masizi ni mbaya zaidi, kwa sababu chujio hujisafisha kwa kujichoma hadi nyuzi 600 hivi bila kumuuliza dereva. Mwaka 2017 Ford iliita magari aina ya Ranger huko Australia kwa ajili ya tatizo hilihili la majani kujaa karibu na chujio. Dereva wa mbugani mwenye uzoefu hulala chini ya gari kila jioni na kijiti, akichokoa.

Vespa za Unguja nazo zisisahauliwe. Hazina masega kwa kawaida, ila sailensa zake ziko chini kuliko tumbo la gari lolote, na zikilazwa kwenye majani zinayagusa.

Moshi mweupe ukionekana chini ya gari lililoegeshwa, kama mwale bado haujatoka na dereva yuko karibu, la kwanza ni kulisogeza gari hadi mahali penye udongo mtupu. Mwale ukiwa umetoka, watu wahamishwe na mtungi wa kuzimia moto uelekezwe kwenye shina la moto, si juu ya mwale. Unga wa mtungi huua mwale haraka lakini haupozi chuma. Bomba likiwa bado na nyuzi 300, majani yaliyolala juu yake yanaweza kuwaka tena dakika mbili baadaye, mtungi ukiwa mtupu. Kwa hiyo baada ya unga, majani ya chini yamwagiwe maji kwa wingi, na yale yaliyoshikamana na bomba yavutwe kwa fimbo au waya. Maji baridi yakirukia masega, kauri inaweza kupasuka, na mwenye gari atalipia masega mapya.